Uvimbe Unapoacha Kuuma

Juni na Julai baridi ya Mbeya huingia mpaka ndani ya blanketi. Asubuhi ukungu umelala Uyole, watoto wanakwenda shule wakikohoa ndani ya masweta, na jioni mama mmoja wa Isyesye anamvua mwanawe shati, kidole chake kinakutana na kitu chini ya taya. Donge. Mtoto anaruka, anashika shingo: "Mama, panauma!" Usiku huo mama hapati usingizi. Asubuhi yuko kwenye benchi la zahanati, na swali lake analo mdomoni kabla hata ya kuitwa jina: "Daktari, hii siyo saratani?"

Kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa afisa tabibu katika zahanati na vituo vya afya vya Nyanda za Juu Kusini, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sasa nimestaafu, na nina jambo moja ninalotaka kuwaomba wasomaji wa Mbeya na Iringa. Tunauogopa uvimbe unaouma, halafu maumivu yakiisha tunausahau. Ninawaomba tufanye kinyume. Donge lililoanza pamoja na koo kuuma, likawa linauma kwa kuguswa, mara nyingi litakwenda zake. Donge ambalo maumivu yake yameondoka na lenyewe limebaki ndilo la kulishika kwa mikono miwili.

Wengi wenu mnaujua mtoki. Mtu amejikata mguuni akilima, kidonda kimeingia uchafu, na siku ya pili kinenani kunaota kinundu kinachouma akitembea. Hakuna anayedhani ugonjwa umeanzia kinenani, kila mtu huuliza, "Mguuni una nini?" Basi shingo nayo ina mitoki yake. Chini ya taya, mbele na nyuma ya ule msuli mkubwa unaoshuka kutoka nyuma ya sikio, na kisogoni, kuna tezi ndogo ndogo ambazo kazi yake ni kuchuja majimaji yanayotoka kooni, kwenye meno, masikioni na kwenye ngozi ya kichwa. Virusi vya mafua au bakteria wa mafindofindo wakiingia kooni, tezi iliyo karibu huzalisha kwa wingi askari wa mwili, inatanuka, ganda lake linavutika, na hapo ndipo panapouma. Kwa hiyo swali la kwanza ni lile lile la mguuni: chanzo kiko wapi? Mwambie mtoto afungue mdomo. Tazama tonsili kama zimevimba na kuwa nyekundu, au zina madoa meupe. Tazama meno yaliyooza. Tazama sikio. Kama donge liko kisogoni, panga nywele kwa vidole utafute mapunye, chawa, au vidonda vilivyotokana na kusukwa kwa kubana sana.

Tezi ya namna hii ina tabia zake. Ni ndogo, mara nyingi kama harage, na haizidi sana upana wa ncha ya kidole gumba. Ukiisukuma kwa kidole inateleza chini ya ngozi. Ngozi iliyo juu yake ina rangi ya kawaida. Mara nyingi ziko pande zote mbili, ingawa upande mmoja unaweza kuzidi. Koo likipona, maumivu huisha ndani ya siku chache, na tezi huanza kunywea. Hainywei kwa siku moja. Inaweza kuchukua wiki tatu, nne, hata sita kutoweka, na kwa watoto kinundu cha ukubwa wa harage kinaweza kubaki miezi kadhaa bila kuwa na ubaya wowote. Kinachotakiwa ni kwamba safari yake iwe ya kushuka.

Hapa ndipo wito wangu wa kwanza ulipo, nao haugharimu chochote. Siku utakapoligusa donge, andika tarehe. Andika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, au kwenye kalenda ya ukutani, au kwenye simu. Andika na ukubwa wake kwa kitu unachokijua: harage, karanga, yai. Hesabu siku 14. Nyingi ya homa za koo zinatokana na virusi na hazihitaji dawa ya kuua bakteria; zinahitaji maji, chakula laini, kusukutua kwa maji ya chumvi na dawa ya kutuliza maumivu. Kama kuna homa kali, tonsili zina usaha, tezi za mbele ya shingo zinauma na hakuna mafua wala kikohozi, yaelekea ni bakteria, na hapo zahanati itatoa dawa ambayo ni lazima imalizwe mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa. Lakini iwe virusi au bakteria, siku ya 14 liguse tena donge lile. Kama limepungua, liache. Kama liko vile vile au limeongezeka, nenda ukalionyeshe hata kama haliumi. Hasa kama haliumi.

Usimpe mtoto mzunguko wa pili na wa tatu wa vidonge kutoka duka la dawa kwa sababu donge halijatoka. Nimeona watu waliokunywa amoksilini, kisha siprofloksasini, kisha sindano ambazo hawakuambiwa jina, na miezi mitatu imepita kabla mtu yeyote hajaingiza sindano ya kuchukua sampuli.

Kuna hali moja ambayo haingoji siku 14, haingoji hata kesho, nayo ni jipu la moto. Wakati mwingine bakteria wanaishinda tezi, na ndani yake panakuwa usaha. Donge linakua haraka, kwa siku mbili tatu, upande mmoja. Ngozi juu yake inakuwa nyekundu au inang'aa, ina joto kwenye kiganja, na katikati panaanza kubonyea kama embe lililoiva. Homa iko juu na mgonjwa hataki ushikwe upande ule. Hilo linatakiwa kufunguliwa na mtu mwenye ujuzi, mahali penye vifaa safi, kwa sababu shingo si paja. Humo mna mishipa mikubwa ya damu na neva.

Jipu jingine linajificha ndani zaidi, nyuma ya tonsili, na huyu mgonjwa utamtambua kabla hujagusa shingo. Anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni. Hawezi kufungua taya vizuri. Vidole viwili havipiti kati ya meno. Anatema mate kwa sababu kumeza kunamshinda. Ukifanikiwa kumulika tochi utaona upande mmoja wa koo umevimba na kimeo kimesukumwa kando, kimeelekea upande mzima. Nakitaja kimeo kwa makusudi. Katika vijiji vyetu bado kuna wanaoamini kwamba kimeo kirefu ndicho kinacholeta kikohozi na koo, na wapo wakataji. Kimeo kilichosogea kando ni kama mshale unaoonyesha usaha uliko. Ukikikata umeukata mshale na usaha umeuacha, na umeongeza kidonda kinachovuja damu na kuingiza pepopunda na maambukizi mengine ndani ya koo. Nakuomba, mzazi mwenzangu, usimpeleke mtoto kwa mkataji wa kimeo, hata kama mama mkwe anasema wewe mwenyewe ulikatwa ukapona.

Dalili hizo, pamoja na uvimbe mgumu chini ya kidevu unaotokana na jino na kuinua ulimi, shingo kukakamaa, au sauti ya kukoroma mtu anapovuta pumzi, maana yake ni gari kwenda hospitali sasa hivi. Njia ya hewa inaweza kuziba usiku huo huo.

Sasa nirudi kwenye donge lisilouma, na kwa hili sina budi kusimulia kosa langu.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika zahanati moja ya bonde la Usangu, alikuja kijana wa miaka 19 aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake. Koo lilikuwa linauma, homa nyuzi 38.5, na upande wa kushoto chini ya taya alikuwa na tezi ya ukubwa wa harage. Nilimpa amoksilini. Koo likapona ndani ya siku nne. Akarudi baada ya wiki tano, na tezi ilikuwa imefika ukubwa wa yai la kuku. Ngozi juu yake ilikuwa imebadilika rangi, ya zambarau iliyofifia, na katikati palibonyea. Nikasema ni jipu. Nikaandaa wembe wa upasuaji, nikapasua.

Kila kitu kilichokuwa kinaniambia "acha" kilikuwa mbele yangu. Nilipoweka kiganja, donge halikuwa na joto. Kijana hakuwa na homa ya mchana. Aliniambia mwenyewe kwamba analalia upande ule bila shida, na jipu la kweli halikuruhusu ulilalie. Chini ya lile kubwa kulikuwa na vinundu vingine vitatu, vimegandamana kama mbegu za stafeli, havitelezi kila kimoja peke yake. Usiku alikuwa anatoka jasho mpaka shuka linalowa, nami sikumwuliza. Alikuwa ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, nami sikutazama. Kilichotoka nilipopasua hakikuwa usaha mzito wa njano. Kilikuwa maji maji mepesi yenye vipande vyeupe, kama maziwa yaliyokatika.

Kidonda hakikufunga. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kilivuja tu. Tulikisafisha, tukabadilisha bandeji, tukabadilisha dawa. Mwezi wa nne pakatokea tundu jingine vidole viwili chini yake. Ndipo nikamwandikia rufaa, na huko walivuta majimaji kwa sindano kutoka kwenye tezi ambayo sikuwa nimeigusa. Ilikuwa kifua kikuu cha tezi.

Jipu la namna ile tunaliita jipu baridi. Vimelea vya kifua kikuu vinaila tezi polepole kutoka ndani, kwa wiki na miezi, bila ule moto wa bakteria wa kawaida. Ukilipasua na kuliacha wazi, umewafungulia vimelea mlango wa kutokea, na mlango huo haujifungi mpaka mtu atibiwe kifua kikuu chenyewe. Hili si jambo la kwetu tu wala la leo. Samuel Johnson, mwandishi mashuhuri wa kamusi ya Kiingereza, alipata ugonjwa huu utotoni. Wakati ule Waingereza waliamini kwamba mguso wa mfalme au malkia unauponya, na mwaka 1712 mama yake alimpeleka London akaguswa na Malkia Anne. Hakupona. Tezi zake zilipasuliwa, na akaishi na makovu ya upasuaji huo mpaka kifo.

Jinsi nilivyotakiwa kumtendea yule kijana ni hivi, na leo ni rahisi kuliko siku zile. Donge ambalo halijapungua kwa wiki mbili hadi nne, lisilo na chanzo kinachoonekana, linachomwa kwa sindano nyembamba. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, haihitaji kulazwa, na maumivu yake hayazidi ya kutolewa damu. Kinachovutwa hupakwa kwenye kioo kitazamwe kwa hadubini, na sehemu nyingine huwekwa kwenye mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha pia kama vimelea hivyo ni sugu kwa rifampisini. Jibu la "haikuonekana" halimalizi mambo, kwa sababu ndani ya tezi vimelea huwa vichache kuliko kwenye makohozi. Kama dalili zote zinaelekea huko, ombeni sampuli nyingine. Makohozi na picha ya kifua navyo viangaliwe, kwa kuwa mwenye tezi peke yake kwa kawaida haambukizi wengine, lakini mwenye tezi na mapafu pamoja anaweza kuambukiza.

Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure. Kwa kawaida ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, nalo huwafanya waache dawa, ni kwamba katikati ya matibabu tezi inaweza kuvimba zaidi, au ikatokea mpya, au ikapasuka. Kijana wangu alipata hivyo mwezi wa pili akataka kwenda kwa mganga wa jadi. Mara nyingi hiyo ni kelele ya mwili unaopambana na mabaki ya vimelea waliokufa. Nenda kituoni ukaonyeshe, na vidonge uendelee kumeza.

Nilisema alikuwa mchungaji. Sikuwahi kujua kama vimelea vyake vilikuwa vya binadamu au vya ng'ombe, na wengi wa wagonjwa wa tezi hapa nchini wanaupata kwa hewa, kutoka kwa mtu anayekohoa. Lakini katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akiwamo Rudovick Kazwala, walikusanya zaidi ya sampuli 800 za maziwa mabichi ya ng'ombe wa asili hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Sampuli chache zilikuwa na vimelea wa jamii ya kifua kikuu, na wengi wao walikuwa wa aina zinazoishi kwenye udongo na maji. Hata hivyo, vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe vilikuwamo. Mwaka 2001 Kazwala na wenzake wakachapisha matokeo mengine: vimelea hivyo hivyo vya ng'ombe walivipata kwenye tezi za shingo za wagonjwa wa Tanzania. Njia ni fupi. Maziwa yanapita kooni, na tezi za shingo ndizo zinazochuja koo.

Kwa hiyo chemsha maziwa mpaka yapande, ndipo uyapoze ugandishe mtindi wako kwa kijiko cha mtindi wa jana. Uchachu wa mtindi wa maziwa mabichi hauaminiki kuua vimelea hivi. Na ukienda hospitali na donge la shingo, mwambie mhudumu kama mnakunywa maziwa mabichi nyumbani. Si habari ya pembeni: vimelea vya ng'ombe kwa asili havisikii pirazinamidi, moja ya zile dawa nne, na daktari anayelijua hilo anaweza kupanga muda wa matibabu kwa namna nyingine.

Kuna kipimo kingine ambacho hakikwepeki katika mikoa yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchini. Virusi hivi vinaingia kwenye habari ya tezi kwa milango kadhaa. Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, mtu anaweza kupata homa, koo kuuma, vipele na tezi zilizovimba, akadhani ni mafindofindo. Na katika siku hizo kipimo cha kawaida kinaweza bado kusema hana, kwa hiyo kirudiwe baada ya wiki chache. Baadaye, kinga ikishuka, kifua kikuu hutoka mapafuni kwa urahisi zaidi na kukaa kwenye tezi, na saratani ya tezi nayo inakuwa na nafasi kubwa zaidi. Mhudumu akikuomba upime ukiwa na donge shingoni, hakutukani. Anatafuta njia ya kulielewa donge hilo.

Hiyo saratani ya tezi, limfoma, ndiyo aliyokuwa akiiogopa mama wa Isyesye. Ni nadra kuliko yote niliyoyataja. Na haiji kwa sura aliyokuwa akiitazama. Limfoma kwa kawaida haiumi. Ukiigusa ni kama mpira mgumu wa kufutia penseli, si laini kama jipu wala si ya kubonyea. Haina koo wala jino wala kidonda kilichoileta. Inaongezeka wiki hadi wiki, na mara nyingi hukuta nyingine kwapani au kinenani. Mwenye nayo anaweza kuwashwa mwili mzima bila upele, kutoka jasho la usiku, na kupungua uzito: mtu wa kilo 60 aliyepoteza kilo 6 ndani ya miezi sita bila kukusudia lazima achunguzwe. Na donge lolote lililo juu ya mtulinga, kwenye kile kishimo cha bega na shingo, lisingoje wiki mbili hata likiwa dogo, kwa sababu pale hupokea mkondo kutoka kifuani na tumboni. Hali kadhalika donge gumu kama jiwe kwa mtu aliyepita miaka 40, hasa mvuta sigara au mnywaji, kwani linaweza kuwa limetoka kwenye saratani ya koo au ya mdomo.

Kwa watoto kuna limfoma inayokwenda mbio kuliko zote, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950. Inapenda taya na tumbo, meno yanalegea, na uvimbe unaweza kuonekana umeongezeka kutoka siku moja hadi nyingine. Burkitt aligundua kwamba inafuata nchi za joto zenye malaria na huadimika kwenye milima ya baridi. Kwa hiyo wazazi wa Kyela, kule chini ziwani, waiweke akilini zaidi kuliko sisi wa huku juu. Nayo hutibika kwa dawa ikiwahiwa.

Tatizo ni kwamba limfoma na kifua kikuu cha tezi wanavaa nguo moja: homa, jasho, kukonda, donge lisilouma. Hakuna kidole, hata cha bingwa, kinachoweza kuwatenganisha kwa uhakika. Mtu huanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia, bila sampuli, na miezi inapita huku limfoma inakua. Ninawaomba wagonjwa na ndugu zao waulize kwa heshima kabisa: "Daktari, sampuli imechukuliwa?" Na kama dawa zimemezwa vizuri miezi miwili na mtu anaendelea kukonda, rudini mkaulize tena. Sindano nyembamba inatosha mara nyingi kwa kifua kikuu, lakini kwa limfoma mara nyingi haitoshi. Inabidi tezi nzima itolewe kwa upasuaji mdogo, iende kwa mtaalamu wa kusoma vinyama, maana jibu liko katika jinsi seli zilivyopangana na sindano huzivuruga. Hapo ndipo rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inapokuwa na maana, na ikithibitika, njia ya matibabu inaweza kufika mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Na wauzaji wa dawa, wadogo zangu, ninawasihi juu ya prednisoloni na deksamethasoni. Mteja ana donge, mnampa vidonge hivyo "vya kupunguza uvimbe", na kweli unapungua. Limfoma hunywea mbele ya dawa hizo kwa wiki kadhaa, kisha hurudi, na sampuli ikichukuliwa katikati ya hapo inaweza isionyeshe chochote. Kifua kikuu nacho hupata nafasi ya kusambaa. Donge ambalo halijapewa jina lisipewe dawa hizo, isipokuwa hospitalini mtu anaposhindwa kupumua.

Nimebakiza watu wawili ambao hakuna mtu anayewahesabu kama wahudumu wa afya. Kinyozi wa Mwanjelwa na msusi wa Mafinga wanashika shingo nyingi kwa wiki moja kuliko nilizoshika mimi kwa mwezi. Mashine inapita kisogoni, kidole kinainua kidevu, mkono unagawa nywele nyuma ya sikio. Mara nyingi donge mnaliona ninyi kabla ya mwenyewe, kwa kuwa lisilouma halimsumbui. Msimtishe mtu wala msiseme jina la ugonjwa wowote mbele ya foleni. Mwinamieni tu, mmwulize taratibu: "Hili limeanza lini?" Akisema wiki hii, na koo linamuuma, mwambieni aandike tarehe. Akisema hata hajui lilianza lini, mwambieni aende zahanati kesho asubuhi, na akija tena kunyoa, mmwulize kama alikwenda.